Umeumwa kipindi cha UE: jinsi ya kuomba pepa lisogezwe, kuanzia karatasi ya daktari mpaka tarehe mpya

Nilikuwa kiongozi wa darasa miaka miwili mfululizo kwenye chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, na kila UE, ile mitihani ya mwisho wa semista, ikikaribia simu yangu ilikuwa hailali, saa tano usiku mtu anapiga, kaka naumwa, kesho asubuhi nina pepa, nifanyeje. Wengi walikuwa wanaumwa kweli, wala sikuwa na shaka nao, lakini wale walioishia kuandikiwa kwamba hawakutokea kwenye mtihani walijikwaa kwenye jambo lilelile moja: tarehe. Karatasi ya daktari inasema Jumatatu, pepa lilikuwa Ijumaa, barua imefika ofisini wiki inayofuata. Mtu anayelisoma faili lako hakukuona ulivyokuwa unajikunja kitandani, yeye anaona tarehe tatu hazionani basi, anaandika hapana.

Kwa hiyo humu nitaongelea sana tarehe. Taratibu za vyuo zinatofautiana kidogo kidogo, fomu zina majina tofauti, ila njia yenyewe ni karibu ileile Tanzania nzima, wewe tafuta kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako usome kile kipengele cha kuahirisha mtihani, kwa kawaida ni ukurasa mmoja tu.

Kwanza jua unaomba nini

Watu wanachanganya mambo mawili. Kuna kuahirisha mtihani, yaani umesoma semista nzima, kozi weki unayo, ila umeshindwa kukaa kwenye pepa moja au kadhaa kwa sababu ya ugonjwa. Hapo ukikubaliwa unafanya mtihani maalumu, wenyewe tunaita spesho. Halafu kuna kuahirisha masomo, yaani unasimama semista au mwaka mzima unarudi mwakani, hiyo ni fomu nyingine, ofisi nyingine, na inagusa mkopo wako wa HESLB na mpaka chumba cha hosteli. Usijaze ya pili ukidhani ni ya kwanza, nimeshaona mtu kafanya hivyo kisa sekretari kamuuliza haraka haraka "unaahirisha?" na yeye kajibu ndiyo.

Na spesho siyo sapu. Hili lishike kwa sababu litakuja kukusaidia mwishoni. Sapu ni ya mtu aliyefanya akafeli, na vyuo vingi hata ukiitoboa kwa maksi za juu unaandikiwa C tu. Spesho inahesabika kama mara yako ya kwanza kukaa, kozi weki yako inabaki palepale, ukistahili A unapewa A. Kinachochanganya ni kwamba mara nyingi zinafanywa wiki moja, chumba kimoja, hata karatasi ya maswali ileile, basi watu wanadhani ni kitu kimoja.

Je uombe spesho au usimame mwaka? Mi ninavyoona, kama ni pepa moja mpaka tatu na daktari anasema utapona ndani ya wiki chache, omba spesho. Kama umelazwa tangu katikati ya semista, hata kozi weki huna, halafu unakosa pepa zote, usijirundikie mzigo, kaa na mkuu wa idara muongee kuhusu kusimama.

Hatua ya kwanza: hospitali, halafu ujumbe, kabla ya saa ya pepa

Kanuni za vyuo vingi zinataka taarifa ifike kabla mtihani haujaanza, labda iwe haiwezekani kabisa, mfano umepata ajali au uko chumba cha upasuaji. Hiyo haimaanishi barua na fomu na mihuri yote iwe tayari, hamna anayetegemea hivyo. Inamaanisha pawe na kitu chenye saa na tarehe kinachoonyesha ulisema mapema. Imeili ndiyo bora kwa sababu inajiandikia saa yenyewe, wasap kwa mkuu wa idara au mratibu wa mitihani ni sawa ila ifuatishe na imeili, na kumwambia rafiki "nisemee" peke yake si taarifa.

Ujumbe uwe mfupi, kitu kama hiki:

*Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili (weka namba). Nimelazwa hospitali tangu alfajiri ya leo tarehe 13/02/2025 kwa maumivu makali ya tumbo, nasubiri upasuaji. Kesho tarehe 14/02/2025 saa 3 asubuhi nina mtihani wa (weka kodi ya kozi na jina lake). Sitaweza kufika. Naomba taarifa hii ipokelewe, barua na vielelezo vya hospitali vitafuata nikiruhusiwa. Namba ya mtu aliye nami hapa ni (weka namba).*

Basi. Usielezee historia ya tumbo lako tangu utotoni. Namba ya usajili, kodi ya kozi, tarehe na saa ya pepa, uko wapi, nani anapatikana. Kama huwezi kushika simu aandike ndugu au mwenzako wa rumu, ajitaje yeye ni nani kwako, halafu nakala aitume kwa kiongozi wa darasa maana huyo ndiye atakayekuwepo pale mlangoni majina yakisomwa.

Swali linalokuja kila mara: niende hivyohivyo nikajaribu, nikishindwa ndo niombe? Jibu langu hapana, na nina sababu. Ukishaingia, ukasaini karatasi ya mahudhurio na ukakabidhi kijitabu, umefanya mtihani. Kusema baadaye kwamba ulikuwa na homa hakufuti kitu, ukifeli unaenda sapu kama wengine. Kama asubuhi unatapika na joto liko juu, nenda zahanati ya chuo, acha wao waamue kama unafaa kukaa au hufai.

Na ukizidiwa ukiwa ndani? Usiinuke ukatoka kimyakimya, hilo ndilo kosa baya kuliko yote kwa sababu kwenye kumbukumbu litaonekana umetoroka. Nyoosha mkono, mwambie msimamizi, omba aandike kwenye ripoti ya chumba jina lako, saa na kilichotokea, na usindikizwe mpaka zahanati ya chuo saa hiyohiyo. Saa ya kwenye ripoti na saa ya kwenye kadi ya zahanati zikikaribiana, shughuli inakuwa nyepesi. Ukienda hosteli kulala, ukaenda hospitali jioni, unabaki na pengo la saa sita ambalo kila mtu atakuuliza.

Hatua ya pili: karatasi ya daktari, isome kabla hujaondoka

Hapa ndo penyewe. Chukua kisa cha binti mmoja wa darasa letu, nakumbuka kila tarehe kwa sababu nilizunguka na faili lake mimi mwenyewe. Ratiba yake ilikuwa na pepa tano: Jumatatu tarehe 10 Februari 2025, Jumatano 12, Ijumaa 14, Jumatatu 17 na Alhamisi 20. Mbili za mwanzo alifanya akiwa mzima. Usiku wa Jumatano tumbo likaanza kumkata upande wa kulia chini, alfajiri ya Alhamisi akapelekwa hospitali, wakakuta kidole tumbo, wakampasua siku hiyohiyo. Jumamosi tarehe 15 akaruhusiwa. Ugonjwa wa wazi, mshono upo, nani atabisha?

Akapewa ED, ile karatasi ya mapumziko, imeandikwa siku 3 kuanzia tarehe 15. Daktari aliyeijaza alikuwa wa zamu, wodi imejaa, kaandika alivyozoea. Sasa itazame ile karatasi kwa macho ya mtu wa ofisi ya mitihani. Siku 3 kuanzia 15 ni tarehe 15, 16 na 17. Pepa la Ijumaa tarehe 14 haliko ndani, ingawa siku hiyo alikuwa wodini na dripu mkononi. Pepa la tarehe 20 haliko ndani, ingawa kukaa kwenye kiti saa tatu nzima siku saba baada ya kupasuliwa tumbo si mchezo. Kati ya pepa tatu, karatasi ilikuwa inamlinda kwenye moja.

Tulirudi wodini Jumatatu. Hatukumwambia daktari aandike siku ngapi, hilo usifanye, anaweza kukuona tapeli na ana haki. Tulimsalimia, tukamwonyesha ratiba ya mitihani iliyochapishwa, tukamwambia dokta pepa zetu ziko siku hizi, chuo kinataka kujua ni siku zipi mgonjwa hakuwa na uwezo wa kukaa mtihani. Akaifungua faili, akaandika upya: alilazwa 13/02/2025, alifanyiwa upasuaji 13/02/2025, aliruhusiwa 15/02/2025, apumzike siku 14 kuanzia 15/02/2025 mpaka 28/02/2025. Ugonjwa uleule, ila sasa tarehe 13 mpaka 28 yote imefunikwa na pepa zote tatu ziko ndani.

Kwa hiyo kabla hujatoka pale dirishani simama uisome. Majina yako matatu yawe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha chuo, maana mapokezi wakati mwingine wanaandika jina la nyumbani au wanakosea herufi, na ukiwa na kadi ya bima majina ya kwenye bima yakitofautiana na ya chuo ni balaa dogo. Pawe na tarehe ya kuonwa, tarehe ya kulazwa na kuruhusiwa kama ulilazwa, siku ya kwanza na ya mwisho ya mapumziko zimeandikwa kwa tarehe na siyo "siku kadhaa" tu, jina la daktari linalosomeka, sahihi, namba yake ya usajili kama anaiandika, na muhuri wa kituo. Muhuri uliofifia omba ugongwe tena, hakuna dhambi. Ukilazwa omba pia ile karatasi ya maelezo ya kuruhusiwa, inabeba uzito kuliko ED peke yake. Ukipata ajali ya barabarani au ukapigwa, PF3 ya polisi inaingia kwenye faili vilevile, tunza nakala.

Visivyotosha: risiti ya duka la dawa, picha ya dripu uliyopiga kwa simu, boksi la vidonge. Cheti cha vipimo peke yake nacho hakitoshi. Chukulia malaria, mRDT imesoma chanya, umepewa dawa mseto ya siku tatu ukaenda kumezea hosteli. Kipimo kinaonyesha una vimelea, hakisemi kama ulishindwa kukaa kwenye mtihani Jumatano, hilo anasema daktari kwa maandishi. Na ukipewa siku tatu ujue ni siku tatu, pepa la siku ya tano unaingia, au kama bado una hali mbaya unarudi kuonwa upya *kabla* ya pepa hilo, siyo baada.

Sasa zahanati ya chuo. Vyuo vingi vinataka daktari wa chuo aipitie karatasi ya nje na kuisaini au kugonga muhuri, hasa kama ulitibiwa hospitali binafsi. Wengi wanaruka hapa halafu ofisi inawarudisha, na kila kurudishwa ni siku imekwenda. Nenda na karatasi halisi pamoja na fotokopi, wao wakague halisi, wagonge na kwenye nakala. Wana uwezo wa kupiga simu hospitali kuulizia, na wanapiga kweli. Ndiyo maana ile biashara ya ED za kununua siigusi hata kwa mti mrefu. Karatasi ikigundulika ya kughushi haukosi spesho tu, unaitwa kwenye kamati ya nidhamu, na vyuo vinafukuza kwa hilo.

Kuna magonjwa ambayo mtu hataki yajulikane idarani, afya ya akili, mimba iliyoharibika, chochote. Huhitaji kuyataja kwenye barua. Mwombe daktari aandike kwamba una hali ya kiafya iliyokufanya usiweze kukaa mtihani kuanzia tarehe fulani mpaka fulani, na maelezo kamili yaende kwa daktari wa chuo kwenye bahasha iliyofungwa. Idara wanachohitaji ni tarehe na muhuri, ndani ya tumbo lako hapawahusu.

Hatua ya tatu: barua na fomu

Vyuo vingine vina fomu, vingine barua inatosha, vingine vyote viwili, na siku hizi vingine unajaza kwenye akaunti yako ya mwanafunzi halafu unapandisha vielelezo kwa PDF. Ukipandisha, skani vizuri, siyo picha yenye kivuli cha mkono, na ubaki na karatasi halisi mpaka uhitimu. Hata kama fomu ipo mi napenda barua iambatane, kwa sababu fomu ina kisanduku kidogo na barua ndiyo inayopangilia tarehe zako zikasomeka. Ya yule binti ilikuwa karibu na hivi:

*Mkuu wa Kitivo,*
*K.K. Mkuu wa Idara.*

*YAH: MAOMBI YA KUAHIRISHA MITIHANI MITATU KWA SABABU YA UGONJWA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili …… . Tarehe 13/02/2025 nililazwa hospitali na kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, nikaruhusiwa tarehe 15/02/2025. Daktari amenipa mapumziko mpaka tarehe 28/02/2025. Kwa sababu hiyo sikuweza, na sitaweza, kufanya mitihani ifuatayo: …… ya tarehe 14/02/2025, …… ya tarehe 17/02/2025 na …… ya tarehe 20/02/2025. Mitihani ya tarehe 10 na 12 niliifanya.*

*Nilitoa taarifa kwa barua pepe kwa Mkuu wa Idara tarehe 13/02/2025 saa 1:40 asubuhi. Naomba mitihani hii mitatu niifanye kama mitihani maalumu katika kipindi cha karibu kilichopangwa na chuo, na nijulishwe kwa maandishi tarehe zake.*

*Naambatanisha: karatasi ya mapumziko, maelezo ya kuruhusiwa, nakala ya barua pepe, na ratiba ya mitihani.*

Ona ilivyokaa. Kila pepa limetajwa na tarehe yake, hata zile alizofanya zimetajwa ili asije mtu akamfutia zote tano. Haina maneno ya kulia. Na ratiba imeambatanishwa, kwa hiyo msomaji anaweka ratiba kushoto na ED kulia, anamaliza kwa dakika mbili. Ukitaka iandike kwa Kiingereza maana ofisi nyingi za vyuo zimezoea hivyo, mpangilio haubadiliki. Angalia saa tu: saa moja na dakika arobaini asubuhi kwenye imeili imesomeka 7:40, ukiandika kwa Kiingereza tumia ile ya kwenye skrini.

Ipeleke haraka uwezavyo baada ya kuruhusiwa, angalia kanuni zenu zinatoa siku ngapi. Huwezi kutembea? Mtume ndugu au kiongozi wa darasa, ila barua isaini mwenyewe.

Halafu kitu kidogo ambacho kiliokoa watu wengi kuliko kingine chochote: chapisha barua nakala mbili. Moja unaikabidhi, ya pili unamwambia sekretari "dada naomba unigongee muhuri wa kupokea". Muhuri, tarehe, sahihi. Hiyo nakala weka kwenye bahasha ya plastiki na piga picha ujitumie kwenye imeili. Barua zinapotea jamani. Ya jamaa mmoja ilikutwa miezi minne baadaye chini ya lundo la mafaili ya watu wa fildi, na kilichomnusuru ni nakala yenye muhuri tu.

Hatua ya nne: tarehe mpya

Kwa UE huchagui tarehe, chuo kina dirisha lake, na vyuo vingi dirisha la spesho ni pamoja na sapu mwisho wa mwaka wa masomo, mara nyingi Agosti au Septemba. Maana yake pepa ulilokosa Februari unaweza kulifanya baada ya miezi sita au saba, wakati huo umeshasoma semista ya pili nzima na umeifanyia mitihani. Jiandae kwa hilo, madaftari usigawe, na mwombe mhadhiri kabla hajaondoka au hajabadilishwa kozi akupe muhtasari wa alichofundisha, kwa sababu yule binti pepa lake moja lilitungwa na mhadhiri mwingine kabisa.

Tesiti na kwizi za ndani ya semista ni tofauti, hizo mnamalizana na mhadhiri mwenyewe, na hapo unapendekeza tarehe. Usiseme "wakati wowote". Sema ED yangu inaisha Ijumaa, naweza Jumatatu au Jumatano wiki ijayo baada ya saa nane mchana. Mhadhiri anachagua mojawapo.

Mwaka wa mwisho uwe makini zaidi. Ukikosa pepa la semista ya pili mwezi Julai, spesho ikawa Septemba, matokeo yapitishwe na vikao kabla ya mahafali, muda unabana. Uliza ofisi ya mitihani moja kwa moja: matokeo ya spesho yataingia kwenye kikao cha kupitisha wahitimu wa mwaka huu au hayaingii? Afisa mikopo wa chuo naye mpitie na nakala ya barua ya kukubaliwa, kwa sababu matokeo yako yataonekana hayajakamilika na mtu wa bumu anaweza kukuuliza.

Ukishajibiwa kwa maandishi bado hujamaliza. Fungua akaunti yako ya matokeo, uone zile pepa zimeandikwaje. Zikionyesha haijakamilika, sawa. Zikionyesha hukutokea au sifuri, nenda siku hiyohiyo na nakala zako, usisubiri Septemba, maana baada ya kikao cha matokeo kurekebisha kunakuwa kazi kubwa. Wiki mbili tatu kabla ya spesho tafuta orodha ya majina ubaoni au kwenye akaunti, ukijikosa nenda na ile barua.

Difensi na vaiva ni mambo mengine

Wa masta na uzamivu, pamoja na wale wa projekti ya mwaka wa mwisho, hapa kuna watu ambao si wewe. Kuna mwenyekiti wa jopo, mtahini wa ndani, wa nje ambaye pengine anasafiri kutoka mji mwingine, supavaiza, ukumbi umeshikwa. Ukiugua siku mbili kabla, mtu wa kwanza kumpigia ni supavaiza, kumpigia na siyo kumwandikia, kwa sababu yeye ndiye atakayemzuia mtahini wa nje asipande basi. Baada ya simu unaandika imeili kwa supavaiza na nakala kwa mratibu wa masomo ya uzamili.

Tarehe mpya hapa unapendekeza, na pendekezo zuri linatoka kwenye ED. Ikiisha tarehe 14, usiombe tarehe 15. Mtu aliyekauka koo au aliyepoteza nguvu kwa taifodi hawezi kusimama dakika arobaini na tano akijibu maswali siku ya kwanza ya kupona. Acha siku tano mpaka saba, halafu toa tarehe tatu kwenye wiki mbili tofauti, asubuhi au mchana taja. Mwenyekiti akipata tatu anaweza kuzungusha kwa wajumbe, akipata moja ikigonga ratiba ya mtu mmoja tu mnaanza upya. Angalia pia mwisho wa usajili wako, kama unaangukia kabla ya tarehe mpya omba nyongeza ya muda kwenye barua hiyohiyo, vinginevyo unaweza kufika mbele ya jopo ukiwa huna usajili na ukatakiwa ulipie kipindi kingine.

Wakati mwingine ugonjwa unakuruhusu kuongea ila haukuruhusu kusafiri, mfano mguu uko kwenye plasta. Uliza kama jopo linakubali kukaa kwa njia ya mtandao. Likikubali, sawa, ila ukishakubali kukaa ujue umekaa, huwezi kurudi nyuma baada ya maswali kuwa magumu.

Wakikataa

Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kinachokosekana ni kitu cha kurekebishika: muhuri wa zahanati ya chuo, tarehe isiyofunika pepa fulani, au ulichelewa na hukueleza kwa nini. Rekebisha hicho, kisha andika rufaa kwenye ngazi iliyotajwa na kanuni zenu, ukiambatanisha nakala zenye mihuri ya kupokelewa. Dawati la wanafunzi na waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi wanasaidia kufuatilia, ila kukuandikia tarehe ambazo daktari hakuandika hawawezi.

Yule binti alikubaliwa zote tatu mwezi Machi, akakaa spesho Septemba. Matokeo yalipotoka pepa mbili zilikaa sawa, ya tatu ikasoma C, wakati yeye alikuwa na kozi weki 34 kati ya 40 na pepa lenyewe alitoka akicheka. Akaenda ofisi ya mitihani, wakafungua, kumbe kwenye ile pepa aliingizwa kwenye orodha ya sapu, mfumo ukamkatia kwenye C. Akatoa barua ya kukubaliwa kutoka kwenye bahasha ya plastiki. Wiki iliyofuata ikasoma B+.